Shajara ya mradi: grili za madirisha manne, hesabu yote kwa sentimita

Jumatatu: vipimo ukutani

Kazi ni grili nne za chuma zinazokaa ndani ya nafasi ya dirisha: sebule, chumba cha kulala, jiko na choo. Fremu ni za skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, na katikati zinasimama nondo za mraba za milimita 12. Pamoja na kazi hii imekuja karatasi ya makadirio iliyoandikwa kabla, inayosema fremu zote zitakula mita 18.34 za skwea paipu, yaani paipu nne. Kabla ya kununua chochote tumepima upya.

Kila upana umepimwa mahali patatu, juu, katikati na chini, na kilichoandikwa ni kipimo kidogo kuliko vyote. Upana wa sebule ulisoma 1 m 86 cm juu, 1 m 85 cm katikati na 1 m 85 cm na nusu chini. Fremu inayotengenezwa kwa 1 m 86 cm haitapita katikati hata ikipigwa nyundo, kwa hiyo 1 m 85 cm ndiyo inayobaki. Vivyo hivyo kwa kimo, kushoto, katikati na kulia.

Nafasi zilizopatikana:

Sebule: upana 1 m 85 cm, kimo 1 m 20 cm
Chumba: upana 1 m 48 cm, kimo 1 m 20 cm
Jiko: upana 1 m 5 cm, kimo 95 cm
Choo: upana 58 cm, kimo 58 cm

Tepu zinazouzwa madukani ni za namna mbili, na tofauti hiyo ina uzito kwenye kazi ya leo. Zipo ambazo baada ya mita moja zinaendelea kuandika 101, 102, 103. Nyingine zinaanza upya: alama nyekundu ya mita 1, kisha 1, 2, 3, 4. Kwenye hiyo ya pili, upana wa jiko unaonekana kama tarakimu 5 iliyo hatua chache baada ya alama nyekundu, na mtu mwenye haraka huandika 1.5. Tunapendelea tepu ya namna ya kwanza, kwa sababu inampa msomaji sentimita 105 bila kumtaka afikirie. Ukiwa na ile ya pili, andika "1 m 5 cm" kwa maneno kamili kama tulivyofanya hapo juu, na nukta isiguse karatasi kabisa.

Jumanne asubuhi: kugeuza kuwa sentimita, kisha kutoa pengo

Fremu haiwi sawa na nafasi ya ukuta. Inaachiwa nusu sentimita kila upande ili iingie na ili lipu ikizibwa iwe na pa kushika. Kwa hiyo kila kipimo kinapungua sentimita 1. Hapa ndipo tulipogeuza kila kitu kuwa sentimita, kabla ya kutoa na kabla ya kujumlisha.

Kugeuza kwenyewe ni kuzidisha mita kwa 100 na kuongeza sentimita zilizopo:

1 m 85 cm = 100 + 85 = 185
1 m 48 cm = 100 + 48 = 148
1 m 20 cm = 100 + 20 = 120
1 m 5 cm = 100 + 5 = 105

Mstari wa mwisho ndio wa kuangaliwa. Ni 105, wala si 15 wala 150. Anayegeuza kwa kubandika tarakimu tu, "moja na tano", anapata 15. Anayedhani tano inajaza nafasi ya kumi anapata 150. Ukizidisha kwanza halafu ukajumlisha, sifuri inajiweka yenyewe mahali pake.

Baada ya kutoa sentimita 1, fremu zina vipimo hivi vya nje:

Sebule: 184 kwa 119
Chumba: 147 kwa 119
Jiko: 104 kwa 94
Choo: 57 kwa 57

Swali lililotokea ni kwa nini tusitumie milimita kabisa, maana mafundi wengi wa chuma huzitumia. Kwa kazi ya usahihi tungefanya hivyo. Lakini hapa ukuta wenyewe umetofautiana sentimita nzima kati ya juu na katikati, na pengo la nusu sentimita linameza tofauti ndogo. Tepu ya mita 5 yenye alama ya daraja la II inaruhusiwa kukosea hadi milimita 1.3 katika urefu wake wote, kwa hiyo si tepu itakayoleta shida. Sentimita inatosha, na namba zinabaki fupi kiasi cha kusomeka kwa chaki juu ya chuma. La muhimu ni kipimo kimoja tu kutawala karatasi nzima. Karatasi yenye 184 mstari mmoja na 1190 mstari unaofuata ni hatari kuliko ile ya mita na sentimita tuliyoanza nayo.

Jumanne mchana: jumla ya fremu, na ile 18.34

Fremu za kona ya digrii 45 zina vipande vinne, viwili vya upana na viwili vya kimo, kila kimoja kwa urefu kamili wa nje. Vipande vinakatwa kwanza kwa mkato ulionyooka. Pembe za digrii 45 hukatwa baadaye ndani ya kipande hichohicho, kwa hiyo haziongezi kitu kwenye jumla.

Sebule: 184 + 184 + 119 + 119 = 606
Chumba: 147 + 147 + 119 + 119 = 532
Jiko: 104 + 104 + 94 + 94 = 396
Choo: 57 + 57 + 57 + 57 = 228

Zote pamoja: 606 + 532 + 396 + 228 = 1762 cm.

Kurudi kwenye mita ni kutenga tarakimu mbili za mwisho. 62 ni sentimita, 17 iliyobaki ni mita: 17 m 62 cm. Karatasi iliyokuja na kazi inasema 18.34, yaani 18 m 34 cm. Tofauti ni sentimita 72, na haikufaa kuachwa hivihivi, kwa sababu ama sisi ama karatasi ile imekosea, na paipu moja nzima inategemea jibu.

Karatasi ile ilikuwa na vipimo vilevile vya fremu, ila vimeandikwa kwa desimali: 1.84, 1.19, 1.47, 1.19, 1.4, 0.94 na 0.57. Vyote ni sahihi isipokuwa kimoja. Upana wa jiko ni 1 m 4 cm, nao umeandikwa 1.4. Kwa desimali, 1.4 ni 1.40, yaani sentimita 140. Kilichotakiwa ni 1.04. Kila kipande kimevimba kwa sentimita 36, na vipande viko viwili, ndiyo 72.

Kosa hili lina alama yake, na ukiijua utalikamata bila kupekua karatasi nzima. Sentimita zilizo chini ya 10 zikiandikwa bila sifuri, zinahesabiwa mara kumi ya thamani yake. Nne inakuwa arobaini, ongezeko ni 36. Saba ingekuwa sabini, ongezeko 63. Siku zote ongezeko ni mara tisa ya sentimita zenyewe. Kwa hiyo jumla mbili zikitofautiana kwa namba inayogawanyika kwa 9, jambo la kwanza ni kutafuta vipimo ambavyo sentimita zake hazifiki 10. Kwenye orodha hii kuna kimoja tu. Njia hii haithibitishi kosa, maana 72 ingeweza kutoka kwingine, lakini inaonyesha pa kuanzia kutazama.

Kikokotoo hakiwezi kuokoa hapa. Kinajumlisha 1.4 kwa uaminifu kabisa, na jumla inayotoka ina sura nzuri kuliko hata ile sahihi. Kwa sentimita tupu kosa hili linakosa mlango: anayeandika 104 anaiona sifuri, na anayeandika 14 kwa bahati mbaya atashtuka kuona dirisha la jiko lenye upana wa shubiri.

Tulihakiki jumla yetu kwa njia ya pili. Badala ya vipande vinne vinne, jumlisha upana na kimo kisha zidisha kwa mbili: (184 + 119) × 2 = 606, (147 + 119) × 2 = 532, (104 + 94) × 2 = 396. Choo ni 57 × 4 = 228. Zimekubaliana.

Jumatano: dukani, na urefu wa paipu yenyewe

Hesabu ya juujuu inasema paipu tatu za mita 6 zinatosha: 3 × 600 = 1800, tunahitaji 1762. Jiwe la kukatia linasaga takriban milimita 3 kila mkato, yaani 0.3 cm. Vipande ni 16, mikato 16, jumla 4.8 cm, tukaandika 5. Mahitaji yanafika 1767 na bado yako chini ya 1800.

Paipu zilizokuwepo dukani zinaitwa za mita 6. Tepu ilipowekwa juu yake ilisoma 5 m 80 cm. Hili ni jambo la kawaida kwa skwea paipu, na ndiyo maana tepu inaingia dukani pamoja na karatasi. Paipu tatu za namna hiyo ni 3 × 580 = 1740. Tunapungukiwa sentimita 27.

Kuna jambo lingine ambalo jumla peke yake haisemi. Hata urefu wa jumla ukitosha, vipande havigawanyiki katikati ya paipu mbili. Lazima kila kipande kitoke kizima kwenye paipu moja, kwa hiyo jumla ni kigezo cha kwanza tu; baada yake unapanga paipu kwa paipu. Tulipanga hivi, tukiongeza 0.3 kwa kila mkato:

Paipu ya kwanza: 184 + 184 + 147 + 57 = 572, na mikato minne 573.2. Inabaki 6.8.
Paipu ya pili: 147 + 119 + 119 + 119 + 57 = 561, na mikato mitano 562.5. Inabaki 17.5.
Paipu ya tatu: 119 + 104 + 104 + 94 + 94 + 57 = 572, na mikato sita 573.8. Inabaki 6.2.

Hapo vipande 15 vimepata nafasi, jumla 572 + 561 + 572 = 1705 cm. Ikiandikwa kwa mita ni 17 m 5 cm au 17.05 m, kamwe si 17.5. Kilichokosa nafasi ni kipande kimoja tu cha choo, sentimita 57.

Kununua paipu ya nne ili kutoa sentimita 57 kungetuachia zaidi ya mita 5 za chuma kisicho na kazi. Kwenye mabaki ya karakana kulikuwa na kipande cha sentimita 71 cha milimita 25 kwa 25. Kabla ya kukikubali tulipima unene wa ukuta wake kwa kalipa, kwa sababu paipu za umbo moja huuzwa kwa unene tofauti, na kulehemu nyembamba kwa nene kunatoboa ile nyembamba. Kilikuwa na milimita 1.5 sawa na zile za dukani. Kikachukuliwa.

Kwa anayeuliza kama isingekuwa bora kutafuta duka lenye mita 6 kamili: mpangilio upo. Paipu moja inachukua 184 + 184 + 57 × 4 = 596, na nyingine mbili kila moja 147 + 119 + 119 + 104 + 94 = 583. Lakini ile ya kwanza pamoja na mikato inafika 597.8, ikibaki sentimita 2.2 tu. Ncha za paipu mara nyingi zimebonyea au zimekatwa mshazari kiwandani, na kuzisafisha pande zote mbili kunaweza kula zaidi ya hapo. Tusingeshauri kupanga kazi kwa uzi mwembamba kiasi hicho.

Alhamisi: nondo za katikati

Nondo zinaishia ndani ya fremu, kwa hiyo kimo chake ni kimo cha fremu kutoa unene wa paipu juu na chini, 2.5 + 2.5 = 5 cm. Sebule na chumba: 119 − 5 = 114. Jiko: 94 − 5 = 89. Choo: 57 − 5 = 52. Uwazi kati ya nondo umewekewa kikomo cha sentimita 11, na idadi ikawa 14 sebuleni, 11 chumbani, 8 jikoni na 4 chooni.

14 × 114 = 1596
11 × 114 = 1254
8 × 89 = 712
4 × 52 = 208

Jumla 3770 cm, yaani 37 m 70 cm.

Hapa kwenye kuzidisha ndipo njia ya safu mbili, mita kivyake na sentimita kivyake, inapochosha zaidi. 1 m 14 cm mara 14 inatoa mita 14 na sentimita 196. Namba hiyo si kosa, lakini haijakamilika: 196 ina mita 1 na sentimita 96 ndani yake, kwa hiyo jibu ni 15 m 96 cm. Wanaoteleza hubeba kwa mazoea ya kujumlisha kawaida, wakihesabu kumi badala ya mia, na kuhamisha 19 kwenda kwenye mita. Sheria ya kujikagua ni nyepesi: kipimo kilichokwisha kazi hakiwezi kuwa na sentimita 100 au zaidi. Ukiiona 196 imeandikwa upande wa sentimita, mtu ameishia njiani.

Nondo zilizonunuliwa zilipimwa na zilikuwa mita 6 kamili. Tano zinatoa vipande vitano vya 114 kila moja, 570, na pamoja na mikato 571.5. Ya sita inatoa 89 mara sita na 52 moja, 586, pamoja na mikato saba 588.1. Ya saba inatoa vilivyobaki, 89 mbili na 52 tatu, jumla 334. Nondo saba basi.

Ijumaa: kukata

Kila kipande kinapimwa, kinakatwa, kisha kinachofuata kinapimwa kuanzia ncha mpya. Kuchora alama zote kwa mkupuo kwenye paipu, 184, 368, 515, 572, kunaonekana kuokoa muda, ila alama hizo hazina nafasi ya jiwe. Kila mkato unasaga milimita 3, na upana huo lazima utoke kwenye kipande fulani. Upana wa juu wa fremu ukiwa 184 na wa chini 183.7, kona moja haitafunga.

Kwenye kila kipande imeandikwa kwa chaki namba ya sentimita na herufi ya chumba: S184, S119, J104. Hakuna m, hakuna nukta. Vipande vya 104 na 94 vinakaribiana kwa macho, na ni hiyo herufi na namba inayozuia kimoja kulehemiwa mahali pa mwenzake.

Mabaki nayo yameandikwa urefu wake kabla ya kurudishwa kwenye rafu. Kubwa kuliko yote ni nondo ya sentimita 264, inayotosha vipande viwili vya 114 na chenji.

Jumamosi: kuunganisha na kupima mshazari

Fremu zilishikwa kwanza kwa nukta za kulehemu kwenye kona nne, bila kufunga mshono. Kisha mshazari ukapimwa kona kwa kona, njia zote mbili. Fremu yenye vipande sahihi bado inaweza kupinda ikawa msambamba, na pande zake zikaendelea kusoma 184 na 119 kama kawaida. Mishazari tu ndiyo inayosema.

Sebule inatakiwa kusoma mzizi wa 184 × 184 + 119 × 119, ambao ni takriban 219.1 cm, sawa na 2 m 19 cm. Ilisoma 219 pande zote mbili. Chumba na choo mishazari yake ililingana pia. Jiko lilisoma 139.8 upande mmoja na 140.6 mwingine, wakati linalotakiwa ni 140.2. Tofauti ya milimita 8 inaliwa na pengo la ukutani, lakini nondo zingeonekana zimeinama dhidi ya kingo za dirisha. Fremu ilisimamishwa juu ya kona moja ya mshazari mrefu, ikagongwa kwa nyundo ya mpira kwenye kona iliyo mkabala mpaka njia zote mbili zikasoma 140.2, kisha mishono yote ikafungwa.